Diski Iko na Nafasi ya 700GB Lakini Imekataa Faili ya 13GB? Cheki Rada ya FAT32, NTFS na exFAT

Cheki hii form. Jumamosi umeshuti harusi Kitengela, wiki nzima umekesha ukiediti, na saa hii video ya saa moja na nusu imeiva. Faili ni karibu 13GB. Unachomeka diski yako ya nje, ile ya 1TB, unacheki nafasi, imebaki 700GB. Unakopi. Windows inakurushia huu ujumbe:

```
The file is too large for the destination file system.
```

Unashangaa. Kubwa aje na nafasi iko mia saba? Unatoa waya, unarudisha, unafuta klipu za harusi ya mwaka jana, unajaribu tena. Jibu ni lile lile. Na unaeza futa hiyo diski yote ibaki tupu kabisa, bado itakataa.

Shida si nafasi. Shida ni mfumo wa faili, yaani ile njia diski inatumia kuandika iko na faili gani, kila moja inaanzia wapi na ina ukubwa gani. Diski yako iko kwa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja ipite 4GB. Faili elfu moja za 3GB itabeba mradi ziwe na mahali pa kukaa. Moja ya 5GB, zii.

Hiyo nambari ilitoka wapi? FAT32 ilikuja 1996 na toleo moja la Windows 95. Enzi hizo kompyuta ya nyumbani ilikuwa na diski nzima ya 1GB au 2GB, kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anawaza kuhusu faili moja ya 4GB. Kwa kila faili, FAT32 inaandika ukubwa kwa biti 32. Ichukulie kama fomu ya benki yenye visanduku vya kuandika tarakimu: visanduku vikiisha, huwezi andika nambari kubwa zaidi hata ukiwa na pesa za kujaza gunia. Nambari kubwa kabisa inayoingia kwa biti 32 ni 4,294,967,295. Hizo ndizo baiti za mwisho faili inaeza kuwa nazo. Windows itakuonyesha hapo ni kama 4GB, Mac itasema 4.29GB, kwa sababu hao wawili wanahesabu GB tofauti, lakini ukuta ni ule ule mmoja.

Sasa leta hiyo hesabu kwa wera yako. Ukishuti 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kila sekunde. Gawanya: unafika ukutani baada ya dakika 5 na sekunde 43 hivi. Hata wimbo mmoja wa kwaya ya kanisa unaeza pita hapo. Viapo na mahubiri ya dakika 40 bila kuzima kamera ni 30GB. Ndio maana watu wanaoshuti klipu fupi za mtandaoni wanaeza kaa na diski ya FAT32 miaka bila kujua, halafu siku ya harusi ya kwanza wanakutana na ngori.

Kuna ngori nyingine mbaya kuliko huo ujumbe. Ukikopi faili ambayo tayari iko, Windows inacheki ukubwa mapema na inakataa hapo hapo, hujapoteza kitu. Lakini ukieksporti moja kwa moja kwenda kwa hiyo diski, programu ya kuediti haijui faili itaishia ukubwa gani. Inaanza tu kuandika. Inaenda fiti saa moja, saa mbili, halafu ikigonga 4GB inakufa. Na kile kipande kimebaki mara nyingi hakichezi, juu faili ya MP4 kwa kawaida huandikiwa orodha yake ya ndani mwishoni, na mwisho haukufika. Kwa hivyo kama eksporti yako inakufa kila mara karibu na pale pale, usikimbilie kulaumu laptopu ama programu. Cheki ukubwa wa kile kipande. Kama kimesimama karibu na 4GB kamili, umepata mwizi.

Kujua diski yako iko kwa mfumo gani ni sekunde kumi. Kwa Windows, fungua `This PC`, bonyeza diski na kitufe cha kulia, ingia `Properties`, soma penye imeandikwa `File system`. Kwa Mac, bonyeza diski, chagua `Get Info`, soma `Format`. Hapo Mac ikikuambia `MS-DOS (FAT)` usishtuke, hiyo ndiyo FAT32 kwa jina lingine. Na hivyo ndivyo diski nyingi za 1TB hujipata kwa hii shida: msee wa Mac alitaka kukusaidia, akaona `MS-DOS`, akasema hii kila kompyuta inasoma, akafomati. Hakukosea. Inasomwa karibu kila mahali. Ni vile tu hakukuwa na mtu wa kumwambia kuhusu 4GB.

Sasa unaanza kuuliza, si basi niweke NTFS nimalizane na hii stori? NTFS ndiyo Windows yenyewe inatumia, na kwa video zako haina ukuta wowote wa kukusumbua. Kama kila mtu kwa mbogi yako ako na Windows, weka NTFS na uishie. Lakini tuseme edita wako ako Rongai na MacBook. Unampelekea diski ya NTFS, anachomeka, anaona kila kitu, anafungua klipu zako, zinacheza safi. Anaediti, halafu anataka kukurudishia kazi kwa diski hiyo hiyo. Inakataa. Mac inasoma NTFS lakini haiandiki, na ukifungua `Get Info` chini kabisa utapata `You can only read`. Kuna programu za kulipia zinazoongeza uwezo wa kuandika, lakini sasa kila mtu anayegusa hiyo diski na Mac itabidi awe nayo.

Ukigeuza, uweke mfumo wa Mac, yaani APFS au ule wa zamani wa `Mac OS Extended`, Windows haielewi chochote. Hapa kaa rada sana, juu hapa ndipo watu wamelia. Wakati mwingine diski ya Mac ukiichomeka kwa Windows haionekani kabisa kwa `This PC`. Wakati mwingine inaonekana, na Windows inauliza:

```
You need to format the disk in drive E: before you can use it.
```

Chini kuna vitufe viwili, `Format disk` na `Cancel`. Bonyeza `Cancel`. Diski si mbovu, na klipu za harusi ya watu bado ziko ndani. Windows haijui tu kuzisoma. Ukibonyeza `Format disk` na ukubali zile hatua zinazofuata, umefuta orodha yote ya faili, na kuanzia hapo ni kutafuta fundi wa kurudisha data na kuomba. Hiyo si doo kidogo, na hakuna uhakika atazipata zote.

Kwa hivyo diski inayozunguka kati ya Windows na Mac inahitaji kitu kinachoandikwa pande zote mbili na kisicho na ule ukuta. Hiyo ni exFAT. Microsoft waliitoa 2006 haswa kwa flashi na memori kadi, ukubwa wa faili ukaandikwa kwa biti 64 badala ya 32, na hapo fomu ikapata visanduku ambavyo hutawahi kuvimaliza kwa video. Mac zimekuwa zikisoma na kuandika exFAT tangu 2010, kuanzia toleo la 10.6.5. Kama una beste wa Linux, usaidizi wake uliingia ndani ya Linux yenyewe 2019, toleo la 5.4. Na pengine tayari unaitumia bila kujua: memori kadi za SDXC, zile za kuanzia 64GB, ziko kwa exFAT. Zile za 4GB hadi 32GB ziko kwa FAT32, ndio maana kamera nyingi zikitumia hizo kadi ndogo hukata klipu ndefu vipande vipande vya 4GB.

Sasa turudi kwa diski yako ya Kitengela. Iko kwa FAT32, ina kama 300GB za kazi za watu ndani, na unataka iwe exFAT. Hakuna kitufe cha kugeuza FAT32 iwe exFAT huku data imekaa. Lazima ufute. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupata mahali pa kuweka hizo 300GB, na kama laptopu yako imejaa, omba diski ya mtu kwa siku moja. Diski ya kawaida ya kuzunguka ikikopi kwa megabaiti 100 kwa sekunde, 300GB ni dakika 50. Zikiwa klipu ndogo ndogo nyingi itachukua zaidi.

Ukimaliza kukopi, usifomati bado. Chagua folda ya zamani na folda mpya, fungua `Properties` ya kila moja, linganisha idadi ya faili na `Size`. Usiangalie `Size on disk`, hiyo itatofautiana kati ya mfumo na mfumo hata kama kila kitu kiko sawa. Halafu fungua klipu kama tano hivi kutoka sehemu tofauti na uziruke hadi mwisho. Zikicheza, endelea.

Kwa Windows bonyeza diski na kitufe cha kulia, chagua `Format`, kwa `File system` weka `exFAT`, acha `Allocation unit size` venye iko, acha `Quick Format` ikiwa na tiki, halafu `Start`. Ama kama wewe ni wa kuandika amri, fungua Command Prompt kama msimamizi, hakikisha kwanza herufi ya diski ni E kweli, kisha:

```
format E: /FS:exFAT /Q /V:HARUSI
```

Kwa Mac ingia `Disk Utility`, bonyeza `View`, chagua `Show All Devices`, halafu ushike jina la juu kabisa la diski, si lile la chini yake. Bonyeza `Erase`, `Format` iwe `ExFAT`, `Scheme` iwe `GUID Partition Map`. Watu wengi hawafungui hiyo `Show All Devices`, kwa hivyo hawaoni hata hiyo `Scheme`. Windows za sasa zinasoma GUID bila stori. Lakini kama kuna TV ama mashine ya zamani italazimika kusoma hiyo diski, na diski haipiti 2TB, chagua `Master Boot Record`.

Na kama hakuna diski ya kuomba na mteja anapiga simu kila dakika tano? Kuna njia ya kutokea. FAT32 inaeza geuzwa iwe NTFS bila kufuta kitu, kwa Windows, ukifungua Command Prompt kama msimamizi:

```
convert E: /fs:ntfs
```

Ile faili ya 13GB sasa itaingia. Edita wa Mac ataweza kuisoma na kuikopi kwa mashine yake, ila hataweza kuandika kitu kwa hiyo diski. Kwa kazi ya kupeleka upande mmoja inatosha. Kurudi FAT32 kutoka hapo ni hadi ufute, na hata kama Windows haifuti data ikigeuza, mimi singefanya hivyo na klipu ambazo hazina kopi mahali pengine popote. Umeme ukipotea katikati utajilaumu.

exFAT nayo si malaika. NTFS na APFS zina njia ya kujilinda diski ikichomolewa katikati ya kuandika, kwa hivyo orodha ya faili huwa haivurugiki ovyo. exFAT haina hiyo kinga. Ukichomoa waya kabla ya `Eject`, unaeza kuta folda nzima imepotea ama faili ina jina lakini haifunguki. Diski ya exFAT lazima itolewe na `Eject` kila siku, hata kama mat inakungoja hapo nje.

Kuna venye hii huonekana kwa Mac na watu hudhani diski imekufa. Ulichomoa vibaya, unarudisha, na diski haionekani kabisa. Dakika tano, kumi, bado. Kabla uanze kuichomoa tena, fungua `Activity Monitor` na utafute `fsck_exfat`. Ikiwa hapo, Mac inakagua diski kimya kimya, na diski kubwa iliyojaa inaeza chukua muda mrefu. Iache imalize. Kuichomoa tena hapo katikati ndiko kunaweza kuiharibu kabisa. Kwa Windows kazi kama hiyo unaianzisha mwenyewe, tena na Command Prompt ya msimamizi:

```
chkdsk E: /f
```

Hapo pia tahadhari: ukaguzi unarekebisha orodha, haurudishi picha. Kama kuna klipu muhimu bado zinafunguka, zikopi nje kwanza kabla ya kukagua.

Kitu kingine kidogo kitakachokutisha diski ikirudi kutoka kwa Mac. Utaifungua kwa Windows na utapata kando ya `C0012.MP4` kuna nyingine inaitwa `._C0012.MP4`, ndogo sana, na haichezi. Utafikiria edita ameharibu klipu zako. Hapana. Hizo ni faili ambazo Mac huandikia taarifa zake za ziada, juu exFAT haina mahali pa kuziweka. Klipu yako halisi ni ile isiyo na nukta na kistari mwanzoni. Tatizo ni ukiburuta folda yote ndani ya programu ya kuediti, hizo nazo zinajaribu kuingia na unapata orodha ya klipu mbovu. Mwambie edita aendeshe hii kwa Terminal kabla akurudishie diski:

```
dot_clean -m /Volumes/HARUSI
```

Imebaki mteja. Yeye hataki kusikia mambo ya exFAT, anataka kuchomeka flashi kwa TV ya wazazi wake huko Nyeri na familia yote ikae ione. Hapa sasa mambo yanageuka, juu TV nyingi za zamani hazisomi exFAT kabisa. Zinasoma FAT32. Kwa hivyo ule ukuta wa 4GB unarudi, lakini safari hii unaujua na unaeza kuupigia hesabu mapema.

Chukua biti zote zinazoingia kwa faili moja, zile baiti 4,294,967,295 mara 8, ugawanye kwa sekunde za video. Saa moja na nusu ni sekunde 5,400. Unapata kama megabiti 6.3 kwa sekunde, na hapo ndani ni picha na sauti pamoja. Ukieksporti 1080p kwa megabiti 5.5 za picha na kilobiti 192 za sauti, jumla ni kama megabiti 5.7, na faili inatoka 3.84GB kwa hesabu ya Mac. Inaingia na inabakisha nafasi ya kupumua. Ukiona ubora umeshuka sana pale watu wanacheza densi, kata video mara mbili, kanisa peke yake na sherehe peke yake, na kila faili ipate megabiti 10. Sehemu mbili za dakika 45 kwa megabiti 10 ni kama 3.4GB kila moja, na mathee wa bwana harusi hatalalamika kubonyeza mara mbili.

Flashi ya 32GB Windows itakubali kuifomati FAT32 kwa njia ya kawaida. Ukinunua ya 64GB pale Luthuli, kwa Windows nyingi hutaona FAT32 kwenye hiyo orodha ya `Format`, utaona tu NTFS na exFAT, kwa hivyo kwa kupelekea mteja chukua ndogo. Ile faili kubwa ya 13GB mpe pia, lakini kwa flashi ingine yenye exFAT, umwandikie juu na kalamu: ya kompyuta. Na kama TV yenyewe iko karibu, ichomeke hiyo flashi ya FAT32 ucheze hadi dakika ya mwisho kabla hujaomba salio lako.